Karatasi ni nyeupe, picha inatoka kijivu: kupiga vipodozi kwa simu bila rangi kuhama

Swali: Nauza losheni, mafuta ya nywele na lipstiki mtandaoni. Picha napiga kwa simu karibu na dirisha, juu ya karatasi nyeupe. Shida ni kwamba karatasi ile ile mara inatoka ya kijivu, mara ya bluu, mara ya manjano. Chupa za kioo zinaonyesha dirisha na mkono wangu. Mtu akifungua duka langu atadhani picha zimepigwa na watu watano. Nifanyeje bila kununua kamera?

Jibu: Simu yako inatosha. Kinachokuvuruga ni kwamba kila unapobonyeza, simu inaamua upya mambo mawili: picha ipate mwanga kiasi gani, na nyeupe iwe nyeupe ya namna gani. Inaamua kwa kutazama kilichomo ndani ya fremu, na wewe kila mara unaweka bidhaa nyingine, kwa hiyo uamuzi nao unabadilika. Dawa ni kutuliza mwanga, kisha kuinyima simu nafasi ya kuamua.

Kijivu kinatokea hivi. Simu hudhani kwamba vitu vilivyo mbele yake, ukivichanganya vyote, vinakaribia kijivu cha wastani. Karatasi nyeupe ikijaza fremu, inaona mwanga umezidi na kuupunguza. Ukiweka boksi jeusi linalojaza fremu, inafanya kinyume: inaongeza mwanga, jeusi linageuka rangi ya jivu na karatasi inaungua, yaani inapata mwanga mwingi hadi inabaki weupe mtupu. Simu za sasa zina ujanja zaidi ya huo, lakini mwelekeo wake bado ni huo.

Bluu na manjano vina vyanzo viwili. Cha kwanza ni taa ya chumbani. Balbu za njano za nyumbani huwa kati ya kelvini 2,700 na 3,000, wakati mwanga wa mchana dirishani ni kama 5,500 au zaidi. Ukiviacha vyote vikawaka pamoja, upande mmoja wa chupa utakuwa na ubuluu na mwingine umanjano, na hakuna programu itakayosawazisha pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Zima taa zote. Chanzo cha pili ni bidhaa yenyewe: boksi kubwa la manjano likikaa mbele ya kamera, simu huweza kudhani mwanga wenyewe ndio wa manjano, ikaongeza bluu ili kurekebisha, na karatasi yako ndiyo inayoumia. Angalia pia nguo uliyovaa na kitambaa cha meza. Blauzi nyekundu ukiwa umesimama nusu mita kutoka kwenye chupa nyeupe inaacha wekundu ubavuni mwa chupa. Vaa nyeupe, nyeusi au kijivu siku ya kupiga.

Sasa upangaji wenyewe. Tafuta dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja saa unayopiga, au litundikie pazia jepesi jeupe. Pazia la rangi ya maziwa halifai, kwa sababu litapaka umaziwa kila kitu. Weka meza dirisha likiwa upande wa kushoto, na bidhaa iwe kama sentimita 60 kutoka dirishani. Ukiisogeza hadi sentimita 20, upande wa kushoto utang'aa mno na wa kulia utazama gizani. Ukiipeleka mita mbili ndani, mwanga unafifia, simu inalazimika kuukuza, na picha inajaa chembechembe.

Upande wa kulia simamisha kadibodi nyeupe ya ukubwa wa A3, sentimita 20 hivi kutoka kwenye bidhaa, nje kidogo ya fremu. Kazi yake ni kurudisha mwanga kwenye upande wenye kivuli. Isogeze karibu kivuli kipungue, irudishe nyuma kivuli kikolee. Kivuli kisiishe kabisa, kwa sababu chupa isiyo na kivuli huonekana imebandikwa hewani.

Kwa mandhari ya nyuma, chukua karatasi ya A1 isiyong'aa. Ina urefu wa sentimita 84, kwa hiyo nusu inalala mezani na nusu inapanda nyuma, ikiwa imebanwa ukutani au kwenye boksi kubwa. Pale inapopanda iache ipinde kwa upole, usiikunje. Mkunjo utaonekana kama mstari nyuma ya kila bidhaa. Bidhaa isimame angalau sentimita 25 mbele ya pindo, ili kivuli chake kiishie mezani kisipande ukutani.

Simu iweke kwenye stendi au tripodi ndogo, lenzi ikiwa sawa na katikati ya urefu wa chupa. Ukiipiga kutoka juu, chupa inaonekana pana kichwani na nyembamba miguuni. Halafu tumia 2x badala ya 1x. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na kwa chupa ya sentimita 15 itakubidi usogee hadi kama sentimita 20 ili ijaze fremu. Kwa umbali huo mdogo sehemu iliyo karibu na lenzi inakuzwa kuliko zilizo nyuma yake, ndiyo maana chupa inavimba tumbo. Kwa 2x unakaa kama sentimita 40 na umbo linabaki la kweli. Usiende zaidi ya 2x kama simu yako haina lenzi ya pili ya kuvuta, kwa sababu hapo inakata picha na kuikuza tu. Jihadhari pia na simu zinazohamia zenyewe kwenye lenzi pana zaidi ukisogea karibu sana. Utaliona hilo pale picha inaporuka ghafla kwenye kioo cha simu na kingo za chupa kupinda.

Modi ya picha za watu, ile inayofifisha nyuma, usiiguse. Haijui mpaka wa pampu ya losheni wala brashi ya maskara, na mara nyingi hula kipande. Zima pia filta za urembo na kile kipengele cha kuboresha mandhari chenyewe. Kwenye Samsung kinaitwa Scene optimiser, na kazi yake ni kukoleza rangi ambazo wewe unazihitaji zibaki kama zilivyo.

Hapo ndipo unafunga. Gusa lebo ya bidhaa kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole. Kwenye iPhone yatatokea maneno AE/AF LOCK, na kwenye simu nyingi za Android itatokea alama ya kufuli. Kisha buruta alama ya jua juu hadi karatasi iwe nyeupe lakini kivuli laini chini ya chupa bado kinaonekana. Kama simu yako inaonyesha namba, hapo huwa kati ya +0.7 na +1.0. Kivuli kikipotea umepita kipimo. Usibonyeze kwa kidole, weka saa ya sekunde 3, maana kidole kinatikisa simu.

Kufuli hilo linafunga fokasi na mwanga. Si lazima lifunge rangi. Kwa Android yenye modi ya Pro, tafuta WB, yaani mizani ya weupe, na uiweke namba moja, 5500 kwa kuanzia, uiache hapo kwa bidhaa zote za siku hiyo. Karatasi ikitoka na ubuluu, panda kidogo hadi 6000, ikitoka na umanjano, shuka. Programu ya kamera ya iPhone haina namba hiyo, kwa hiyo rangi utaisawazisha baadaye kwa kutumia karatasi yenyewe. Nitaeleza chini.

Chupa za kioo zinahitaji utulie kidogo. Kitu kinachong'aa hakina mng'ao wa kwake: kinaonyesha kilicho mbele yake, kama kioo cha kujitazamia. Chupa ya mviringo ni mbaya zaidi kwa sababu inaona karibu chumba kizima. Kwa hiyo badala ya kupambana na mng'ao, amua chupa ione nini.

Chukua mfano wa mafuta ya nywele kwenye chupa ya kahawia ya mililita 100, kifuniko cheusi kinachong'aa chenye kidondoshi, lebo nyeupe. Ukiiweka tu kando ya dirisha, utaona ubavuni mwake dirisha dogo lenye nondo zake zote. Simamisha karatasi ya kunakilia michoro, ile inayopitisha mwanga, ya ukubwa wa A3, kati ya dirisha na chupa, sentimita 20 kutoka kwenye chupa. Nondo zinapotea, na badala yake unapata mstari mmoja mrefu wa mng'ao laini kutoka shingoni hadi chini. Mstari ukikatika katikati ya chupa, karatasi ni fupi, basi ipandishe. Mstari ukiwa mpana hadi kufunika herufi za lebo, zungusha karatasi irudi nyuma kidogo, ili mng'ao uhamie ukingoni.

Mkono na simu vinaonekana kwa sababu vina mwanga. Kata kadibodi nyeusi ya A4, toboa tundu la sentimita 3 au 4, na uiweke mbele ya simu lenzi ikichungulia tunduni. Chupa ya kahawia na kifuniko cheusi vitaakisi weusi, na weusi juu ya weusi hauonekani. Hakikisha tu kadibodi haigusi pembe za picha.

Tatizo linalobaki ni mafuta yenyewe: ndani ya kioo cha kahawia yanaonekana kama lami. Kata kipande cha kadibodi nyeupe chenye umbo la chupa, kidogo kuliko chupa kwa nusu sentimita kila upande, na ukisimamishe sentimita 2 au 3 nyuma yake, kikiwa kimelala nyuma kidogo na uso umegeukia dirishani. Kitarudisha mwanga kupitia kwenye mafuta, na juu na chini ya lebo utaona kahawia yenye uhai. Kingo za kadibodi zikionekana kupitia kioo, punguza tena kwa mkasi. Ni kazi ya dakika tano kwa kila umbo la chupa, na kipande hicho unakihifadhi kwa mara zote zijazo.

Funga mwanga kwenye lebo, si kwenye kioo cha chupa. Ukigusa kioo cheusi, simu itaongeza mwanga na maandishi ya lebo yatafutika.

Kabla ya kubonyeza, futa chupa kwa kitambaa laini cha miwani na uishike kwa kitambaa hicho hicho unapoiweka. Alama ya kidole ambayo macho hayaioni, kamera inaiona, hasa kwenye kifuniko cheusi. Lebo iangalie lenzi sawasawa: hesabu nafasi iliyobaki kushoto na kulia ya maandishi, zilingane. Hilo ni jambo dogo ambalo mnunuzi hawezi kulitaja kwa jina lakini analihisi.

Losheni nyeupe kwenye chupa nyeupe juu ya karatasi nyeupe ina ugonjwa wa kinyume: kingo zinayeyuka. Hapa weusi unakuokoa. Kata vipande viwili vya kadibodi nyeusi, upana wa sentimita 5, virefu kuliko chupa, na uvisimamishe kushoto na kulia, sentimita 10 hivi kutoka kwenye chupa, nje tu ya fremu. Kila ubavu wa chupa utapata mstari mwembamba wa kijivu unaouonyesha mpaka. Cha kushoto kitapunguza mwanga wa dirisha kidogo, kwa hiyo kisogeze mbele au nyuma hadi kionekane ukingoni tu. Kwa upande wa kulia kipande cheusi kinasimama mbele ya kadibodi nyeupe, hakiiondoi.

Kama zaidi ya nusu ya bidhaa zako zina vifungashio vyeupe, ningekushauri uachane na karatasi nyeupe kabisa na uchukue ya kijivu hafifu sana kwa duka zima. Nyeupe kabisa inavutia kwa sababu maduka makubwa hupenda kuitumia, lakini inakudai usahihi kwenye kila picha. Kijivu hafifu kinasamehe. Ila usichanganye: losheni kwenye kijivu na lipstiki kwenye marumaru ya kuchora ndiyo hayo hayo uliyoyalalamikia. Ukichukua kijivu, alama ya jua usiipandishe sana, +0.3 inaweza kutosha.

Lipstiki ndipo rangi inapogeuka pesa, kwa sababu mteja ananunua rangi, na ikifika tofauti anairudisha. Nyekundu kali ina tabia yake: inajaa kwenye kamera kabla ya rangi nyingine. Ukiipiga kwa mwanga uliopandisha kwa ajili ya karatasi, kile kipande cha lipstiki kinakuwa doa moja bapa, na mstari wa ncha iliyokatwa mshazari unapotea. Ukiona hivyo, shusha mwanga kidogo, kama 0.3, hadi mstari urudi, kisha hiyo ndiyo iwe kipimo kwa rangi zote za familia hiyo. Piga rangi zote siku moja, ndani ya saa moja, bila kugusa kufuli, kwani mwanga wa dirishani hubadilika jua linapohama au wingu linapopita. Usisogeze simu karibu kwa sababu lipstiki ni ndogo. Iache ilipo na ukate picha baadaye. Kwa kamera ya megapikseli 12, lipstiki ya sentimita 8 kwa umbali ule wa sentimita 40 bado itakubakizia mraba wa pikseli kama 1,500 kila upande.

Mwishoni panga rangi zote bega kwa bega upige picha moja ya pamoja. Kioo cha simu ya mteja huwezi kukidhibiti, lakini ndani ya picha moja anaona kwamba hii imeegemea chungwa na ile imeegemea zambarau, na tofauti hiyo haibadiliki sana hata kioo chake kikiwa kibovu.

Kusawazisha rangi kunafanyika kwenye Lightroom ya simu au Snapseed. Zote mbili zina chombo cha mizani ya weupe chenye alama ya kidondoshi. Kiweke juu ya sehemu ya karatasi iliyo tupu, yenye mwanga lakini haijaungua, si kwenye kivuli. Sehemu iliyoungua haina taarifa ya rangi, kwa hiyo marekebisho yatakuwa ya kubahatisha. Kwenye Lightroom, ukishapata picha ya kwanza sawa, nakili mipangilio yake na uibandike kwenye nyingine za kikao kile kile. Kama simu ilikuwa inajiamulia rangi, kama kwenye iPhone, kidondoshi kipitishe kwenye karatasi ya kila picha peke yake kabla ya kuhifadhi. Kitufe cha Auto kiache, kwani kinafanya kosa lile lile la kutazama kila picha kivyake. Zima modi ya usiku ya kioo na True Tone ya iPhone wakati wa kuhariri, halafu shika lipstiki yenyewe dirishani kando ya kioo na ulinganishe. Macho yako na bidhaa ndio hakimu.

Kuhusu sura moja ya duka, weka alama za selotepu: moja mezani pale chupa inaposimama, moja kwa stendi, moja kwa kadibodi ya kulia. Piga picha ya mpangilio mzima ukiwa umesimama nyuma, uitunze. Mraba kwa picha zote, mwanga kutoka kushoto siku zote, bidhaa ichukue kama asilimia 80 ya urefu wa picha. Kwa kuwa chupa ndogo na kubwa zitaonekana sawa kwa mpango huo, picha ya pili iwe bidhaa mkononi, ili ukubwa uonekane.

Hifadhi kwa JPEG, pikseli 1,500 hadi 2,000 kila upande. Ukizihamisha kwa WhatsApp kutoka simu moja hadi nyingine, zitume kama hati, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa, na maandishi madogo ya lebo ndiyo hufa kwanza.

Na chagua bidhaa moja iliyo na nyeupe, nyeusi na rangi kali pamoja, usiiuze. Kila unapopanga meza upya, ipige hiyo kwanza, uiweke kando ya picha yake ya zamani kwenye kioo. Karatasi ikiwa imeelemea rangi, kivuli kimehamia upande mwingine au chupa imekua, rekebisha hapo, kabla hujagusa mzigo mpya.